Kiota kimeanguka kwenye mianzi, kina mayai matatu na moja halifanani na wenzake. Ni ndege gani? (picha ndani)

Mlimani_Moro:
Wakuu habari za jioni. Niko Morogoro, nyuma ya nyumba yangu kuna bwawa dogo na kichaka cha mianzi, na kila mwaka mvua zikianza ndege wa njano wanajaa humo, kelele tangu alfajiri. Jana usiku ilipiga mvua ya upepo, leo asubuhi binti yangu wa miaka tisa kaokota kiota chini. Bahati kiliangukia kwenye majani malaini, kwa hiyo mayai hayakupasuka.

Ndani kuna mayai matatu. Mawili ni ya kijani kinachoelekea bluu, hayana doa hata moja. La tatu ni jeupe lenye madoadoa ya kahawia. Nimeweka picha mbili: ya kwanza kiota kikiwa mezani na mayai ndani yake, pembeni nimeweka kadi ya benki ili muone ukubwa. Ya pili nimepiga jioni sebuleni, mayai yakiwa juu ya gunia.

Binti anauliza maswali mawili, na mimi sina jibu. Hawa ni ndege gani, na hilo yai la tatu limefikaje humo?

ShambaniKwanza:
Huyo ni mnana, asikusumbue mtu. Mayai ya mnana ni ya bluu, nimeyaona tangu utoto kule Kilosa. Hayo mawili ni yake. Hilo lenye madoa ni la ndege mwingine kabisa, mnana hatagi yai la madoa.

NyumbaKumi:
Mkuu mimi ningekuwa makini. Nyoka hupanda kwenye viota na kutaga humo. Hilo la madoa litupe mbali kabla halijaanguliwa, una mtoto mdogo hapo nyumbani.

Bi_Pangani:
NyumbaKumi, nyoka hupanda kwenye viota kula mayai, hapo uko sahihi kabisa, hasa kwenye minana. Lakini yai la nyoka wetu wa kawaida lina ngozi laini inayobonyea kama ngozi iliyolowa maji, na halina madoa. Mleta mada akigonga taratibu kwa ukucha akasikia mlio mkavu wa kaka, hilo ni yai la ndege. Asitupe kitu bado.

Mlimani_Moro:
Nimegonga, ni gumu kama mayai ya kuku, ila jembamba sana.

Mzee_Darubini:
Salaam. Mleta mada, asante kwa picha, na nakupongeza kwa kukumbuka kuweka kadi. Ila kabla sijasema lolote naomba picha nyingine, kwa sababu hizi mbili zote zinadanganya, kila moja kwa namna yake.

Ya kwanza inadanganya ukubwa. Kadi ya benki ina urefu wa milimita 85.6, kila benki ni hivyo hivyo, kwa hiyo ni rula nzuri. Lakini kadi yako iko mezani, na mayai yako juu ndani ya kiota. Nimepima kwenye kioo cha kompyuta nikapata yai lenye urefu wa karibu milimita 27. Kwa mnana hilo ni kubwa mno, ningeanza kutafuta ndege mwingine na ningepotea. Kama simu ilikuwa sentimita 25 juu ya meza, na mayai yako sentimita 4 juu ya meza, basi mayai yalikuwa sentimita 21 tu kutoka kwenye lenzi. Kitu kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa kuliko kadi iliyo mbali zaidi. Gawanya 25 kwa 21 utaona picha imekuongezea karibu moja ya tano ya ukubwa. Ukiondoa nyongeza hiyo, yai linarudi kwenye milimita 22 au 23.

Ya pili inadanganya rangi. Taa ya sebuleni ni ya njano, na simu inajaribu kuisahihisha yenyewe bila kukuuliza. Yai la bluu nyepesi linaweza kutoka jeupe, na jeupe likatoka kama maziwa ya chai.

Kesho asubuhi fanya hivi. Kaa kivulini nje, si juani. Tandika karatasi nyeupe, weka mchanga kidogo juu yake na chimba vishimo vitatu ili mayai yasibingirike. Kadi iinue kwa viberiti mpaka ilingane na katikati ya kimo cha yai. Simu iwe mbali kidogo, nusu mita hivi, halafu vuta kwa zumu kidogo tu. Usiwashe flashi. Piga ubavuni, kisha geuza kila yai nipate kuona ile ncha nene na ile ncha nyembamba. Kisha kiota: tundu la kuingilia, mahali kilipofungwa kwenye tawi, na kitanda cha ndani. Nataka pia picha ya karibu ya uzi mmoja wa jani, nione kingo zake zilivyochanika.

Kipepeo_254:
Wakuu, samahani kuingilia, mimi niko Nairobi na nina yangu. Kwenye kibaraza changu, juu ya boksi la mita ya stima, kuna vijiti kama kumi na tano vimewekwa ovyo ovyo tu, unaweza kuona chini kupitia hapo, na juu yake mayai mawili meupe pe. Hakuna hata doa. Nani huyo? Nimeweka picha na mimi.

Bi_Pangani:
Kipepeo, huyo ni jamaa wa njiwa, tetere au hua. Hapo huhitaji hata kupima. Vijiti vichache visivyosukwa, mayai mawili tu, meupe matupu, na yai lenyewe limeduara pande zote mbili hadi huwezi kusema ncha nyembamba ni ipi. Waache, baada ya wiki mbili hivi utaona makinda. Kupata tetere yupi hasa, subiri umwone mama akiwa ameatamia, yai halitakuambia.

Mlimani_Moro:
Mzee, nimefanya kama ulivyoelekeza. Picha sita ziko hapo chini. Nimejaribu na kupima mwenyewe kwa kutumia programu ya picha. Kadi imechukua pikseli 1070, kwa hiyo kila milimita moja ni pikseli 12.5. Yai la kwanza la kijani ni pikseli 281 kwa urefu na 194 kwa upana. La pili linakaribia hivyo hivyo. La madoa ni 290 kwa 200. Je, nimekosea?

Mzee_Darubini:
Hujakosea hata kidogo. Yale ya kijani ni milimita 22.5 kwa 15.5. La madoa ni 23.2 kwa 16. Shikilia namba hizo tutazirudia.

Nianze na kiota, maana kwa minana kiota husema mengi kuliko yai. Huyu amesuka kwa nyuzi pana zilizochanwa kutoka kwenye majani ya matete na mianzi. Tazama picha yako ya nne: kila uzi una upande mmoja ulionyooka na mwingine umechanika. Mnana dume huuma ukingo wa jani, kisha huruka akiwa ameshikilia na uzi unachanika wenyewe. Tazama pia pale kiota kilipofungwa kwenye tawi: pana vifundo vya kweli, uzi umepita chini ya mwenzake ukarudi. Hakuna shomoro anayeweza kufanya hivyo. Shomoro hukusanya nyasi na kuzisukumiza, ukivuta unyasi mmoja unatoka. Hapa ukivuta uzi mmoja kiota kizima kinakuja.

Umbo lake ni kama figo, tundu liko chini na halina bomba refu. Hilo linamwondoa mnana yule mwenye mstari mweusi machoni, ambaye husuka kwa nyuzi nyembamba na kuning'iniza bomba refu kama mkono wa shati. Linamwondoa pia yule mwenye domo nene wa kwenye matete, ambaye kiota chake hushikwa na mabua mawili yaliyosimama, kimefumwa kwa nyuzi laini sana, na tundu liko ubavuni. Kiota chako kilikuwa kinaning'inia kwenye ncha ya mwanzi, kando ya nyumba, kundini, kelele nyingi. Dume ana kichwa cheusi na mgongo wa njano wenye mabaka meusi?

Mlimani_Moro:
Ndiyo! Kichwa cheusi kabisa, macho mekundu. Jike ana rangi iliyofifia, kijani cha majani makavu.

Mzee_Darubini:
Basi ni mnana wa vijijini, yule kichwa-cheusi. Ukitaka kumtafuta mtandaoni andika `Ploceus cucullatus`. Kwa hiyo ShambaniKwanza umepatia jina la ndege.

Kitu kingine binti atakipenda. Ndani ya kiota chako kuna tandiko la majani malaini ya nyasi. Dume ndiye anayesuka ukuta, lakini kitanda hutandikwa na jike baada ya kukikubali kiota. Ukiokota kiota cha kijani kibichi kisicho na tandiko, hicho kilikataliwa, na mara nyingi dume mwenyewe hukibomoa ajenge kingine. Chako kilikubaliwa, kikakauka na kugeuka rangi ya majani makavu, ndipo kikatagiwa.

Mpunga_Dakawa:
Hapo kwenye jina nina wasiwasi. Mimi ni mkulima wa mpunga, na ndege akijenga karibu na shamba swali langu ni moja tu: ni kwelea au si kwelea? Maana kwelea naye husuka, naye mayai yake ni ya bluu-bluu. Mleta mada kama una jirani mwenye mpunga mwambie mapema.

Mzee_Darubini:
Mkulima, swali lako ni la haki, na kweli mayai ya kwelea ni ya kijani-bluu nyepesi. Lakini yai lake ni dogo, urefu wa milimita 18 au 19 hivi. Ukiweka pembeni ya haya ya Morogoro utaona tofauti kwa jicho. Kiota chake nacho ni kidogo, mviringo mwembamba wa nyasi, tundu liko ubavuni karibu na juu, na vinakuwa kwenye miiba au matete, maelfu kwa maelfu, vyote vimejengwa kwa siku chache zile zile. Ukiingia koloni la kwelea utakuta karibu viota vyote vina mayai kwa wakati mmoja, au vyote vina makinda. Kwa mnana huyu, tawi moja lina kiota cha jana na kiota chenye makinda yanayotaka kuruka. Kichaka cha mianzi chenye viota thelathini nyuma ya nyumba si kwelea. Haina maana kwamba minana hawali mpunga wako, wanakula, lakini si kwa namna ile.

Mpunga_Dakawa:
Nimekuelewa. Kwangu vilikuwa kwenye migunga, tundu ubavuni. Basi nilichokiona mwaka juzi kilikuwa kwelea kweli.

ShambaniKwanza:
Mzee umekubali ni mnana. Basi na hilo la madoa si lake, tumemaliza. Rangi ndiyo inasema.

Mzee_Darubini:
Hapo ndipo nakuomba usubiri. Ulichoona Kilosa ni kweli, ila uliona viota vichache. Huyu mnana ni miongoni mwa ndege wenye mayai ya rangi nyingi kuliko karibu wote tulio nao. Jike mmoja anataga meupe matupu, jirani yake kwenye tawi lile lile anataga ya bluu, wa tatu ya kijani yenye madoa ya kahawia, wa nne meupe yenye madoa. Yote ni ya mnana huyu huyu. Kwa hiyo mtu akikuletea picha ya yai moja jeupe lenye madoa, urefu milimita 23, huwezi kumwambia "si mnana". Linaweza kuwa.

Lakini kuna kanuni ya pili inayokuokoa. Jike mmoja hutaga rangi ile ile maisha yake yote. Akianza na bluu tupu, kila yai lake ni bluu tupu, mwaka huu na mwaka ujao. Kwa hiyo yai la madoa linaweza kuwa la mnana, ila haliwezi kuwa la jike aliyetaga haya mawili. Sababu yako si sahihi, lakini nusu ya jibu lako ni sahihi: mama ni wawili.

Bi_Pangani:
Na sababu ya rangi zote hizo ni kekeo. Mimi nafundisha baiolojia na hili ndilo somo ninalolipenda. Kuna kekeo mdogo wa kijani kinachong'aa, tumbo jeupe lenye mistari ubavuni, anayetagia kwenye viota vya minana. Jina la kutafuta ni `Chrysococcyx caprius`. Naye mayai yake yako ya rangi mbalimbali, mengine bluu, mengine meupe yenye madoa. Kama minana wote wangetaga rangi moja, kekeo angeiga rangi hiyo na kazi ingekwisha. Kila jike akiwa na rangi yake, kekeo anabahatisha tu. Jike wa mnana akiona yai lisilofanana na yake, mara nyingi hulitoa nje.

Minana hao hao walipelekwa na watu kwenye kisiwa cha Hispaniola kule Karibi, ambako kekeo huyu hayupo. Baada ya vizazi vingi watafiti walikuta mayai ya majike mbalimbali yamepunguza tofauti zake. Adui hayupo, na ile alama ya kila mama ikaanza kulegea.

Mlimani_Moro:
Mwalimu, kwa hiyo hilo ni yai la kekeo?

Bi_Pangani:
Mimi nasema ndiyo. Ni jeupe lenye madoa, ni kubwa kidogo kuliko wenzake, na liko peke yake. Kila kitu kinaelekea huko.

Mzee_Darubini:
Mwalimu, mimi siendi huko haraka hivyo. "Kubwa kidogo" ni milimita 0.7 kwa urefu na nusu milimita kwa upana. Hata mayai ya mama mmoja hutofautiana kiasi hicho. Yai la kekeo huyu lina ukubwa ule ule wa yai la mnana, ndiyo maana anawatagia hao. Kama mleta mada angepata milimita 19 au 27 tungekuwa na neno la kusema. Kwa 23.2 namba imenyamaza.

Pia kuna mshukiwa wa tatu ambaye hujamtaja: jike mwingine wa mnana. Baringo kule Kenya, minana wa jamii ya karibu na huyu walichunguzwa, ikaonekana majike wanatagiana kwenye viota. Anapotea kiota chake, au anaona cha mwenzake kiko tayari, anaingia na kuacha yai moja. Yai la namna hiyo lingeonekana hivi hivi tunavyoona sasa.

FundiSonara:
Mimi nina mizani ya dhahabu, inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Nimewahi kusikia kaka la yai la kekeo ni nene kuliko la ndege anayemtagia. Kama ni nene basi litakuwa zito. Apime uzito.

Mzee_Darubini:
Wazo ni zuri na hilo la kaka nene ni kweli kwa kekeo wengi. Shida ni kwamba yai hupungua uzito kila siku linapoatamiwa, maji yanatoka kupitia vinyweleo vya kaka. Yai la siku kumi ni jepesi kuliko lilivyokuwa siku ya kwanza. Mpaka ujue kila moja lina siku ngapi, mizani itakupa tarehe iliyochanganyika na unene wa kaka na hutaweza kuvitenganisha.

Lakini umenikumbusha jambo. Mleta mada, usiku zima taa, shika tochi ya simu, weka yai juu ya taa ukifunika pembeni kwa vidole mwanga usivuje. Utuambie unaona nini ndani ya kila moja. Kisha loweka kidole, sugua doa moja la kahawia taratibu. Kinyesi cha nzi na tope hutoka. Rangi ya yai haitoki.

Mlimani_Moro:
Nimefanya na binti. Madoa hayatoki. Tena tulivyoangalia kwa kioo cha kukuza tuliona madoa ya aina mbili: ya kahawia yako juu, na mengine ya kijivu yaliyofifia kana kwamba yako chini ya ukungu. Mengi yamejikusanya kwenye ncha nene kama kofia.

Kwa tochi: mayai mawili ya kijani yana mishipa myekundu kama mizizi, na kitu cheusi katikati. La madoa ni safi, linang'aa lote rangi ya chungwa, na kivuli cha kiini kinaelea. Yote yamepoa kabisa tangu jana asubuhi.

Mzee_Darubini:
Asante sana, na mpongeze binti kwa macho yake. Yale madoa ya kijivu ni rangi ile ile ya kahawia, ila yaliwekwa mapema, kisha chokaa ya kaka ikapita juu yake. Kwa hiyo hayo ni madoa halisi ya yai. Ile kofia kwenye ncha nene nayo ni kawaida.

Tochi imetuambia jambo zito zaidi kuliko vipimo vyote. Mayai mawili yameatamiwa siku kadhaa, huenda nne au tano, mishipa imeshaonekana. La madoa halijaanza kukua. Ama lilitagwa siku moja au mbili tu kabla ya mvua, ama halikurutubishwa.

Bi_Pangani:
Basi kekeo alichelewa. Kekeo mzuri hutagia mama anapokuwa bado anataga, ili kinda lake lianguliwe mapema na kuyasukuma mengine nje. Huyu alikosa muda.

Mzee_Darubini:
Inawezekana. Lakini mwalimu, jike wa mnana anayetafuta mahali pa kuacha yai lake moja ana uwezekano ule ule wa kuchelewa. Mimi nikiulizwa niandike kwenye daftari langu nitaandika: kiota cha mnana kichwa-cheusi, mayai mawili ya mwenye kiota, moja la jike mwingine, huenda kekeo, haijathibitishwa. Siwezi kuandika zaidi ya hapo kutokana na picha.

Bi_Pangani:
Na mimi kwenye daftari langu nitaandika kekeo na alama ya kuuliza. Tuachane hapo kwa heshima.

ShambaniKwanza:
Nimejifunza. Miaka yote nilikuwa nikiona mayai ya madoa kwenye viota vyao nasema kaingia ndege mwingine. Swali: kumbe ningejuaje? Maana si kila siku mtu ana kiota mkononi.

Mzee_Darubini:
Ungeangalia viota vya jirani bila kuvigusa. Funga kioo kidogo na tochi kwenye fito, inua chini ya tundu kwa sekunde chache, piga picha ya kioo, ondoka. Fanya hivyo mama akiwa ameruka mwenyewe, na usifanye wakati wa mvua wala jua kali la mchana. Ukikuta kwenye viota kumi vya kichaka kimoja kuna jike anayetaga meupe ya madoa ya namna ile ile, kofia ile ile kwenye ncha nene, mshukiwa wako ni jirani. Usipomkuta, uwezekano wa kekeo unaongezeka. Haithibitishi, kwa sababu jike huyo anaweza kuwa na kiota upande wa pili wa bwawa.

Kipepeo_254:
Na kekeo mwenyewe unamjuaje kama yupo?

Bi_Pangani:
Dume huimba jina lake, kama "dii-dii-dii-dideriki", sauti kali inayopanda kisha inavunjika mwisho. Hukaa juu ya waya au mti mrefu karibu na koloni. Na baadaye, kinda lake likitoka kwenye kiota lina domo jekundu la matumbawe, huwezi kulichanganya na kinda la mnana.

Mlimani_Moro:
Mwalimu! Binti ameruka juu niliposoma hiyo sauti. Anasema anaisikia kila asubuhi anapokwenda shule, juu ya waya wa umeme pale kona. Amenionyesha leo: ndege mdogo, kijani, tumbo jeupe, jicho jekundu.

Mzee_Darubini:
Basi kekeo yupo mtaani kwenu. Shaka yangu inapungua kidogo, ila sijaifuta.

NyumbaKumi:
Mkuu, mayai mmefanya nini? Mmeyarudisha juu?

Mlimani_Moro:
Mzee aliniambia kwa ujumbe kwamba yakishapoa siku nzima hayataanguliwa, na mama hatarudi kwenye kiota kilichofungwa upya sehemu nyingine. Tumeyazika chini ya mianzi.

Mlimani_Moro (siku kumi na mbili baadaye):
Wakuu narudi kwenye uzi. Tulipiga picha za kioo viota saba vinavyofikika. Vinne vina mayai ya bluu au kijani tupu, viwili meupe matupu, kimoja kijani chenye madoa. Hakuna meupe yenye madoa. Lakini vile vya juu, kama ishirini, hatuvifikii.

Jambo la pili. Leo asubuhi kwenye ua wa jirani kulikuwa na kinda limekaa kwenye mpera, linalia bila kunyamaza, na jike wa mnana analilisha. Domo lake lilikuwa jekundu. Binti amepiga picha, imetikisika kidogo lakini domo linaonekana. Naiweka hapa.

Bi_Pangani:
Hilo ni kinda la kekeo bila shaka yoyote. Ameangulia mianzi yenu hiyo hiyo.

Mzee_Darubini:
Kinda ni la kekeo, nakubali kwa mikono miwili. Tangu yai kutagwa mpaka kinda kuruka hupita wiki nne hivi, kwa hiyo yai la kinda hili lilitagwa kabla ya lile lenu. Linatuambia kekeo ametagia kichaka hicho msimu huu, halituambii nani alitaga lile la madoa. Mleta mada, kama una vipande vya kaka mlilozika na havijaoza, vichimbue, vioshe, vikauke kivulini. Nipigie picha ya ukingo uliovunjika wa yai la madoa pembeni ya ukingo wa lile la kijani, kwa kioo cha kukuza, vyote viwili kwenye picha moja. Kwa unene wa kaka labda mwalimu atanishinda.

Mlimani_Moro:
Binti ameshachukua kijiko anachimba.